Jinsi ya kumwandikia mtunzi mwenzako kwamba ubeti wa pili uandikwe upya

Ubeti ulioharibika waziwazi hauna shida. Mizani ikipungua, kina kikipotea, unamwambia mwenzako "hesabu mstari wa pili," anahesabu, anacheka, anarekebisha. Kazi ngumu ni ubeti uliokamilika kwa kila kipimo tulichofundishwa, na bado unauangusha wimbo. Huo ndio wa kuuandikia barua, na barua yake ina namna yake.

Nitaeleza kwa wimbo wa taarabu tulioutunga wawili, mimi nikiwa Unguja na mwenzangu Tanga. Yeye ni mkubwa kwangu kwa umri na kwa kazi, kwa hiyo heshima ilikuwa lazima iende sambamba na hoja. Tulikubaliana muundo wa kawaida wa wimbo: mistari mitatu kila ubeti, kila mstari vipande viwili, kila kipande mizani nane. Beti zilikuwa tatu. Mimi niliandika wa kwanza na wa tatu, yeye akaandika kiitikio na ubeti wa pili.

Ubeti wa kwanza ulikuwa huu:

Ukindu nikauchana, kwa subira ya moyoni
Ukili ukashikana, nikashona barazani
Mkeka ulivyofana, ukaketi kwa amani

Kiitikio chake, ambacho mpaka leo nakionea wivu:

Mkeka wangu ni huu, anayeketi ni nani?

Kisha ukaja ubeti wake wa pili:

Nakupenda sana sana, kwa mapenzi ya moyoni
Usingizi sijaona, nakuwaza kitandani
Tukae tukipendana, wewe wangu duniani

Na wa tatu, wangu, ulianza hivi: "Naukunjua mchana, kwa mgeni wa thamani." Mkeka sasa unatandikwa kwa mtu mwingine, tena mchana kweupe, majirani waone.

Hesabu mizani ya ubeti wa pili: nane kwa nane, mistari yote. Vina vya kati ni "na", vya mwisho ni "ni", kama ubeti wa kwanza. Ukimpa mwalimu wa ushairi asahihishe, atatia alama zote. Ndiyo maana nilikaa nao siku nne bila kusema neno, nikijua kuna kitu hakijakaa, nisijue ni kitu gani.

Kwanza, hakikisha kosa liko kwenye ubeti

Usiandike barua kwa sababu hujisikii vizuri. Hisia yako inaweza kuwa sahihi, lakini mwenzako hawezi kuijibu, atabaki kuumia tu. Tafuta jaribio ambalo na yeye anaweza kulifanya akiwa peke yake, afikie jibu lilelile.

Mimi nina matatu, na hayahitaji chombo chochote, hata udi. La kwanza ni kuruka. Imba ubeti wa kwanza, kiitikio, kisha uende moja kwa moja ubeti wa tatu. Kama hakuna kilichopotea, ubeti wa pili hauna kazi. La pili ni kubadilisha nafasi: weka wa pili mwanzoni na wa kwanza katikati. Kama wimbo unakwenda vilevile, basi kisa hakisogei, kinazunguka palepale. La tatu ndilo ninaloliamini zaidi, nalo linahusu kiitikio. Baada ya kila ubeti, kiulize kiitikio kinasema nini sasa, ukijibu kwa neno moja au mawili.

Kwetu kiitikio kilikuwa swali, kwa hiyo jaribio la tatu lilikuwa rahisi. Anayeketi ni nani? Baada ya ubeti wa kwanza jibu ni "wewe". Baada ya ubeti wa pili jibu ni "wewe". Baada ya ubeti wa tatu jibu ni "mwingine". Hapo ndipo nilipoona. Tulikuwa tumeruka kutoka "wewe" hadi "mwingine" bila kumwambia msikilizaji yule wa kwanza aliondoka lini. Ubeti wa tatu unaukunjua mkeka, na katika wimbo mzima hakuna mtu aliyeukunja.

Kwa taarabu hili si jambo dogo. Watu wanaokwenda mbele kumtunza mwimbaji huwa wanasubiri neno linalowagusa, na mara nyingi neno hilo ni kiitikio. Yule aliyeguswa na "wewe" ameshakwenda na noti yake mara ya kwanza. Kiitikio kikirudi kile kile, na maana ile ile, anabaki kwenye kiti. Kikirudi na maana ya kuachwa, anainuka mwingine kabisa, mwenye kisa chake, tena huenda akapita mbele ya meza ya mtu fulani kwa makusudi.

Kuna nyimbo ambazo majaribio haya hayafai. Wimbo wa kumsifu bibi harusi, kwa mfano, beti zake ni kama shanga: unaweza kuanza na macho au na mwendo, ukaruka hata mbili mwimbaji akichoka, na hakuna anayedai kisa. Hapo kumwandikia mwenzako kwamba "ubeti hausogezi" ni kumsumbua. Na pengine utagundua kwamba mkosefu ni kiitikio: kimefungwa mno, hakiwezi kubeba zaidi ya maana moja hata ubeti ukifanya nini. Basi barua iwe ya kiitikio, uuache ubeti wa watu.

Pili, chagua sababu moja

Ubeti ule ulikuwa na makosa mengine. "Ya moyoni" imetumika mstari wa kwanza wa ubeti wa kwanza, na imerudi mahali pale pale. "Sana sana" ipo ili kupata kina. Fumbo la mkeka limeachwa, tumehamia kwenye mapenzi ya wazi, ilhali taarabu ya mkeka inatakiwa ibaki kwenye mkeka. Vyote ni kweli, na nusura niviandike vyote.

Nilivifuta. Ukimwandikia mtu makosa manne, atajibu lile dogo zaidi. Atabadilisha "sana sana" iwe neno jingine, atakurudishia ubeti, na kwa haki kabisa atasema amesikiliza. Sababu iwe moja, na iwe ile ambayo ikitibiwa nyingine zinapona zenyewe. Mtunzi akilazimika kueleza mkeka ulikunjwaje, atarudi kwenye fumbo bila kuambiwa, na "sana sana" haitapata pa kukaa.

Tatu, tafuta kilichomo ndani ya ubeti wake kinachoweza kubaki

Sisemi umsifu kwanza ili umlainishe. Mtu mzima anaijua sifa ya kupoza, na akiiona tu anajiandaa kwa kisu. Ninachosema ni kusoma tena ubeti unaoukataa ukitafuta mlango wa kutokea, maana mara nyingi mwenzako ameshauandika bila kujua.

Mimi niliusoma ule ubeti labda mara kumi kabla ya kuliona neno "kitandani". Mtu wa mkeka analala wapi? Kama yuko kitandani, mkeka uko wapi? Neno lile alilolitia kwa ajili ya kina ndilo lililokuwa na kisa chote: mpinzani wa mkeka ni kitanda. Barua yangu ikapata mwili kutoka hapo.

Nne, andika barua yenyewe

Kwa nini barua, na si kupiga simu? Kwa simu ningeanza kujitetea kabla hajasema kitu. Ujumbe wa sauti nao husikilizwa barabarani, na "nadhani ubeti wako..." ikishasikika vibaya hairudi. Barua anaisoma akiwa na karatasi ya wimbo mbele yake, anaweza kufanya jaribio, kukasirika, kunywa chai na kuisoma tena. Niliiandika kwa mkono, nikaipiga picha na kumtumia. Ilikuwa hivi:

"Kaka yangu,

Shikamoo. Sisi hapa hatujambo, mama anakusalimu na anauliza lini utakuja. Natumai na nyumbani kwako wote wazima.

Nakuandikia kuhusu wimbo wetu wa mkeka. Nimeuimba kila jioni tangu uliponitumia ubeti wa pili, na kuna mahali nakwama. Naomba nikuonyeshe mahali penyewe, halafu wewe uniambie kama nakwama peke yangu.

Kiitikio chako kinauliza, 'anayeketi ni nani?' Tafadhali uimbe wimbo wote pole pole, na kila ukimaliza ubeti ulijibu swali hilo kwa neno moja. Mimi nikimaliza ubeti wa kwanza napata 'wewe'. Nikimaliza wa pili napata 'wewe' tena. Nikimaliza wa tatu napata 'mwingine'. Huyu wa kwanza aliinuka lini? Ubeti wangu wa tatu unasema 'naukunjua mchana', na nikitazama nyuma simwoni aliyeukunja. Ubeti wangu unadai kitu ambacho hakijatokea, na mahali pekee kinapoweza kutokea ni katika ubeti wa pili.

Mizani na vina vyako havina neno, nimevihesabu. Ninachoomba ni kisa: mkeka utoke kwenye kukaliwa uende kwenye kukunjwa, ili kiitikio kikiimbwa mara ya pili jibu lake liwe 'hakuna'.

Kuna neno lako moja ambalo naomba usilitupe. Umeandika 'kitandani'. Nilipolisoma mara ya kwanza lilipita tu. Sasa haliniachi. Huyu aliyekuwa akiketi kwenye mkeka, alipokiona kitanda alifanya nini? Nakuuliza wewe kwa sababu kiitikio ni chako na wewe ndiye unayemjua huyo anayeketi.

Sikuletei mistari ya kupendekeza, na sitakuletea. Ubeti ni wako. Hata tukiugeuza wote, mgao wetu unabaki nusu kwa nusu kama tulivyokubaliana, na majina yetu mawili yanabaki.

Kama ukiuimba ukaona kisa kinasogea vizuri na mimi ndiye nisiyesikia, niambie na unionyeshe kinaposogea. Pengine ubeti wa kurekebishwa ni wangu wa tatu.

Mazoezi ni baada ya wiki mbili. Ukipata nafasi kabla ya hapo nitashukuru.

Mdogo wako."

Tazama mambo machache humo. Hakuna neno "baya", "dhaifu" wala "haujanivutia". Kila ninachodai kinaweza kujaribiwa kwa kuimba. Lawama imeanzia kwenye ubeti wangu: ni wa tatu unaodai, si wa pili uliokosa. Hiyo si hila ya adabu, ndivyo kosa lenyewe lilivyoonekana. Laiti ubeti wa tatu usingekuwa na neno "naukunjua", ule wa pili ungeweza kupita.

Lile la kutompelekea mistari ya kupendekeza lilinigharimu. Nilikuwa nayo tayari, mistari yote mitatu, na niliipenda. Lakini ukimpelekea mtu ubeti uliokwisha kuuandika, humpi sababu ya kuandika upya, unampa karatasi ya kutia saini. Akikubali ameshindwa, akikataa mmegombana. Swali kuhusu kitanda lilitosha.

Sentensi ya mgao nayo usiione kama urasimu. Wimbo ukienda kusajiliwa kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania Bara au COSOZA kwa Zanzibar, watunzi wote wanatajwa. Mwenzako akiona umekataa ubeti wake na hujasema lolote kuhusu haki, atawaza kwamba unampunguza. Mwondolee wazo hilo kabla halijazaliwa, tena kwa maandishi.

Tano, pokea jibu bila kulikimbilia

Alinyamaza siku tatu. Siku ya nne aliandika neno moja: "Godoro." Jioni yake ukaja ubeti:

Godoro ulipoona, ukapanda kitandani
Mkeka ukaukana, ati wachoma mbavuni
Vumbi limerundikana, umekunjwa upenuni

Nikaimba kiitikio. Anayeketi ni nani? Hakuna. Na ile mistari yangu mitatu niliyoificha nikaichana, maana mimi nilikuwa nimemfukuza yule mtu kwa safari ya baharini, jambo ambalo kila mtunzi wa pwani angeliandika. Kuukana mkeka kwa sababu unachoma mbavu kunauma zaidi, kwa sababu ni dogo na ni la uongo: mtu amekaa miezi kwa amani, leo ndiyo anakumbuka kwamba ana mbavu.

Ubeti mpya unapimwa kwa majaribio yale yale matatu, usisamehewe kwa kuwa ni mpya. Ukiuruka, ubeti wa tatu unakunjua kisichokunjwa. Kwa hiyo una kazi. Ukiuweka mwanzoni, mkeka unakataliwa kabla haujashonwa. Umepita.

Bado kuna kupima kwenye lahani, na hapa karatasi haisaidii. Lahani yetu ina pumziko dogo katikati ya utao, yaani kipande cha pili, baada ya mizani ya nne. Ubeti wa kwanza unalifuata bila kuumia: "kwa subira" pumziko "ya moyoni", "nikashona" pumziko "barazani". Ule wa pili wa zamani nao ulikuwa umelifuata, jambo ambalo sikuwa nimeliona mpaka nilipouzika. Katika ubeti mpya, "ukapanda" pumziko "kitandani" ni sawa. "Umekunjwa" pumziko "upenuni" ni sawa. Lakini "ati wachoma mbavuni" ina mizani nane halali na inapasuka: a-ti-wa-cho, pumziko, ma-mba-vu-ni. Mwimbaji anavuta pumzi katikati ya neno "wachoma", na msikilizaji anabaki na "wacho" mkononi.

Utajuaje kabla ya mazoezi? Piga makofi: moja kwa kila mizani, na baada ya kofi la nne nyamaza kwa kipimo cha kofi moja. Neno likikatika katikati ya kimya, mwimbaji atalikata au atameza pumziko, na akilimeza waitikiaji watamtangulia. Hapa sikuandika barua ya pili. Barua ni ya kisa. Jambo la lahani linamalizwa kwa kuimbiana, kwa hiyo nilimpigia simu, nikauimba mstari mara mbili, akasikia mwenyewe kabla sijamaliza. Papo hapo akageuza: "wakuchoma ubavuni." Wa-ku-cho-ma, pumziko, u-ba-vu-ni.

Tulipoteza "ati". Neno dogo, lakini ndilo lililokuwa na dharau yote ya mstari, na tulilitafutia nafasi wiki nzima bila kulipata ndani ya mizani nane. Siku ya mazoezi mwimbaji alisoma karatasi ya zamani na mpya zikiwa pamoja mezani (usitupe nakala za nyuma, andika tarehe juu yake), akaona lilipokatwa. Alipofika pale akasimama kidogo baada ya "ukaukana", akatazama pembeni kama anayemweleza jirani, akasema "ati!", kisha akaingia "wakuchoma ubavuni". Liko nje ya mizani kabisa. Mwenzangu alikubali libaki, ila lisiandikwe.